Barua ya mpishi mkuu kuhusu mizaplas: kuandaa mapema ni kuandaa mpaka wapi?

Komi_Mpya (#1)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni komi, mpishi msaidizi anayejifunza, niko jiko la Kifaransa, steshini ya samaki, wiki ya tatu. Chuoni tulifundishwa kwamba mizaplas ni kuandaa viungo vyote kabla ya kupika. Mpishi mkuu wangu ameniandikia barua inayosema vingine. Amekubali niiweke hapa. Naomba mnisaidie: nani yuko sahihi?

> Kijana wangu,
>
> Jana uliniambia mizaplas yako imekamilika saa 10 jioni. Nikafungua friji, nikakuta minofu 30 imeshapakwa unga. Nakuandikia kwa sababu sevisi ikianza sina nafasi ya kukueleza kwa utulivu.
>
> Neno hili Wafaransa huliandika mise en place. Maana yake ni kuweka kitu mahali pake. Wengi huishia kwenye kukatakata, wakiona vibakuli vimejaa wanavua aproni. Mimi nataka ulielewe hivi: kila kitu kina hatua ambayo ukikifikisha hapo kitakungoja bila kuharibika, na kinachobaki ni kazi ya moto. Mchana kutwa unakifikisha kila kitu kwenye hatua hiyo. Usiishie kabla yake, wala usiivuke.
>
> Chukua samaki wetu wa menyeri, yule wa kupakwa unga na kukaangwa kwa siagi. Mnofu una maji. Chumvi inayavuta nje, unga unayanywa, na baada ya robo saa huna tena vumbi kavu juu ya samaki, una uji. Uji ukigusa kikaango unanata, na ukigeuza, ile ngozi ya dhahabu inabaki chini. Kwa hiyo samaki asimame hapa: amekatwa vipande vya gramu 150, amefutwa mpaka amekauka, amelazwa mstari mmoja juu ya karatasi ya jikoni bila kupandana, kwenye friji isiyozidi nyuzi 4. Chumvi na unga vinangoja oda.
>
> Siagi unaihitaji ya namna mbili. Ya kukaangia ni iliyosafishwa. Iyeyushe kwa moto mdogo bila kukoroga, iache itulie, engua povu, kisha mimina mafuta ya njano polepole na uyaache maji meupe chini. Vile vyeupe ndivyo vinavyoungua na kumtia samaki madoa meusi. Kwa sahani 30 weka gramu 700, utapata 600. Siagi ya kumwagia juu ni ya kawaida, imekatwa vipande vya gramu 30, vipande 35, ikae baridi. Hiyo usiisafishe, maana vile vyeupe vilivyotusumbua kwenye kukaanga ndivyo hapa vinavyogeuka rangi ya njugu na kuleta harufu tunayoitaka.
>
> Maharagwe machanga yanaweza kwenda mbali zaidi ya samaki. Yachemshe kwa maji mengi yenye chumvi, sufuria wazi, dakika 4 hivi, yaingize kwenye maji ya barafu, yatoe mara tu yanapopoa, yakaushe kwa kitambaa. Jioni yanahitaji siagi na dakika moja ya moto. Paseli ikate, ifunge kwenye kitambaa, ikamue mpaka ianguke kama mchanga. Limau likamue alasiri, si asubuhi.
>
> Mwisho, mkono wako. Samaki kushoto, unga kulia kwake, kikaango mbele, sahani kulia kabisa. Samaki asirudi nyuma hata mara moja. Kitambaa cha kushikia kikaango kiwe kikavu, kwani kikilowa moto unapita ndani yake na kukufikia kiganjani.
>
> Leo saa 10 usiniambie imekamilika. Niambie kila kitu kimesimama wapi.

SufuriaNzito (#2)
Barua nzuri sana, itunze. Mpishi wako yuko sahihi na chuo hakijakosea, kimeishia njiani tu. "Kabla ya kupika" ni mpaka mpana mno. Kuna vitu hupikwa kabisa mchana, kama maharagwe hayo, na kuna vitu haviguswi mpaka oda iingie, kama unga kwenye samaki. Vyote viwili ni mizaplas.

Nirekebishe namba moja. Gramu 700 za siagi hazitoi 600 za mafuta safi. Siagi ya kawaida ina mafuta asilimia 82 hivi, kwa hiyo hata usipomwaga tone, 700 zina mafuta gramu 574 tu. Na utamwaga, kwa sababu kuna povu unaloliengua na mafuta unayoyaacha chini ili usichote maji. Hesabu kwamba robo inapotea. Ukitaka 600, anza na 800. Komi anayeanza na 700 ataishiwa sahani ya 26 au 27, na hapo ndipo atakapoanza kuchota siagi ya kawaida kukaangia, samaki watoke na madoa.

BiShughuli (#3)
Wanangu, haya mbona sisi watu wa shughuli tunayafanya miaka yote bila Kifaransa. Biriani ya watu 300 huwezi kuanza kukaanga vitunguu siku ya harusi. Vinakaangwa siku moja kabla, vinatandazwa vikauke, vinafungwa. Nyama inalala na mtindi na tangawizi. Asubuhi ni kupanga na kufunika. Kwa hiyo jibu langu kwa huyu kijana: fanya kila kitu unachoweza siku moja kabla, utapumua.

Kikaango28 (#4)
Shikamoo Bi. Vitunguu vya biriani umesema kweli tupu, maana vimeshatolewa maji vyote, ndiyo sababu vinangoja bila kulegea. Lakini hapo pa "kila kitu unachoweza" ndipo Komi alipoanguka. Unga kwenye samaki aliweza kuupaka, na aliupaka. Nyama yako inafaidika kulala na mtindi, samaki mwembamba akilala na chumvi tu anatoa maji. Kuweza si kipimo. Kipimo ni kama kitu kitangoja.

BiShughuli (#5)
Marahaba. Hapo nimekuelewa. Hata kachumbari hatuikatii jana yake, inatoa maji ikawa supu.

MtuWaBukavu (#6)
Salamu toka Kivu. Niongeze upande wa lugha. Kwa Kifaransa neno hili si la jikoni peke yake. Ni kuweka jambo lolote mahali pake, hata mradi au kamati. Kwetu Kongo ukisikia watu wanasema mizaplas imetoka, wala hawazungumzii chakula: ni orodha ya watumishi waliopangiwa vituo vipya, serikalini, jeshini, hata kanisani kwa wachungaji. Watu wanaitafuta orodha waone nani kapelekwa wapi.

Kwa hiyo mimi nikisoma barua naona mpishi analitumia neno kwa maana ya kwetu hasa. Samaki kapangiwa friji, unga kapangiwa kulia kwake, na kila mmoja anajua zamu yake inaanza lini.

Komi_Mpya (#7)
Asante Mtu wa Bukavu, hilo sikulijua. Hapa jikoni watu wanasema pia "lete mizaplas yako", wakimaanisha vibakuli vyenyewe. Kwa hiyo ni kazi, ni mpangilio au ni vitu?

Mzee_wa_Sosi (#8)
Ni nidhamu ya jeshi. Eskofie alikuwa mpishi jeshini, akatoka na amri za kijeshi, akaziingiza jikoni, na mizaplas ndiyo amri ya kwanza. Ndiyo maana jiko la Kifaransa lina brigedi na wapishi wanajibu "ndiyo shefu" kwa pamoja.

SufuriaNzito (#9)
Mzee, nusu yako ni sahihi. Oguste Eskofie alipikia jeshi kwenye vita vya Ufaransa na Prusia vya 1870, na baadaye alipokuwa hoteli ya Savoy London kuanzia 1890 aliligawa jiko kwa steshini zenye kazi maalumu. Faida ya mgawanyo ule ni kwamba sahani moja inapita mikono kadhaa kwa wakati mmoja: huyu samaki, yule sosi, mwingine mboga, zote zikutane dakika moja. Hapo maandalizi ya kila steshini yanakuwa deni kwa steshini nyingine. Lakini kuandaa vitu kabla ya mlo ni kukongwe kuliko yeye, na neno lenyewe ni Kifaransa cha kila siku kama alivyosema Mtu wa Bukavu. Kulifanya amri ya jeshi ni kulivisha gwanda ambalo halikushonewa.

Kwa swali la #7: ni vyote vitatu, na wapishi wanaruka kutoka maana moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja. Mimi ningesema maana ya kwanza ni kazi, na vibakuli vimepata jina kutokana na kazi hiyo.

Mzee_wa_Sosi (#10)
Nakubali tarehe. Sikubali kwamba jeshi halihusiki. Hapo tutabaki tunatofautiana.

Dadajiko (#11)
Mada nzuri. Mimi Jumapili napika mboga za wiki nzima, nagawa kwenye vikontena saba, naweka friza. Ijumaa naona mchicha umebadilika rangi na maharagwe machanga yamekuwa kijivu. Mizaplas yangu inakosea wapi?

Kikaango28 (#12)
Dada, hiyo ni akiba ya wiki, si mizaplas ya sevisi moja, ila tatizo lako la rangi ndilo hilo hilo linalowapata makomi, kwa hiyo nijibu.

Rangi ya kijani ya mboga imeshikiliwa na madini ya magnesi. Asidi ikikutana na joto, magnesi inatoka na kijani kinakuwa kama kaki. Mboga yenyewe inatoa asidi inapochemka. Ukifunika sufuria, asidi inayotaka kutoka na mvuke inarudi ndani. Ukitumia maji machache, asidi inakolea, na tena maji yanapoa ukiingiza mboga, unakaa dakika 10 kungoja yachemke upya. Kwa hiyo barua inaposema "maji mengi, sufuria wazi" si mapambo. Kwa sahani 30 kwa gramu 80 unahitaji kilo 2.4 za maharagwe yaliyokwisha kukatwa vikonyo. Usiyatie yote pamoja. Gawa mafungu matatu, sufuria ya lita 8 au 10, na ungoje maji yachachamke tena kabla ya fungu linalofuata.

Baada ya barafu, yatoe. Yakilala ndani ya maji yanapoteza ladha na kuvimba. Na ukaushaji usiuruke. Maharagwe yenye maji yakiingia kwenye siagi, siagi inaruka, kikaango kinapoa, na sahani inatoka na kidimbwi chini. Mteja akikata samaki, kile kidimbwi kinamlowesha, ngozi inalainika. Ukiona samaki mzuri analalamikiwa kuwa laini, angalia kwanza maharagwe yaliyo pembeni yake.

Usitie limau kwenye maharagwe mapema, kwa sababu ile ile ya asidi. Limau lingoje mezani.

Dadajiko (#13)
Kumbe kifuniko! Asante sana, mimi hufunika kila siku.

Paseli_Mbichi (#14)
Nina ubishi na barua mahali pamoja. Paseli "ianguke kama mchanga". Hiyo ni paseli ya kunyunyizia pembeni ya sahani. Kwa menyeri ya zamani ni kinyume chake. Eskofie alitaka paseli iliyopitishwa kwenye maji ya moto muda mfupi, ikakatwa, ikawekwa juu ya samaki ikiwa bado na unyevu. Siagi ya moto ikimwagwa juu yake inatoa povu, na lile povu ndilo alama ya sahani hiyo, inafika mezani bado inachemka juu ya samaki. Paseli kavu haitoi povu. Mpishi wenu anapoteza kitu hapo.

SufuriaNzito (#15)
Mapishi uliyosema ni hayo, siyakatai. Ila fikiria kungoja. Paseli iliyokatwa ikiwa na maji inashikana kuwa donge kwenye kibakuli, na saa mbili baadaye imetoa maji ya kijani chini, harufu ya majani yaliyokatwa, ladha imebaki kwenye maji. Iliyokamuliwa inafika usiku ikiwa safi. Na povu unaweza kulipata kwa maji ya limau: yanyunyize juu ya samaki kwanza, siagi ikiyakuta itachemka.

Paseli_Mbichi (#16)
Povu la limau ni la sekunde tatu. Mimi ningekata paseli kwa mafungu mawili, moja saa 12:30 jioni, jingine katikati ya sevisi. Kazi ya dakika tano. Barua yenyewe inasema kila kitu kisimame mahali pake. Labda mahali pa paseli ni baadaye kuliko mpishi anavyodhani.

MtuWaBukavu (#17)
Katikati ya sevisi nani ana dakika tano za kukata majani?

Paseli_Mbichi (#18)
Aliyepanga vizuri mchana anazo.

Mkono_Kushoto (#19)
Tafadhali, barua imesahau watu kama sisi. Samaki kushoto, sahani kulia ni mpangilio wa anayeshika koleo kwa mkono wa kulia. Wa kushoto akiufuata, kila kipande kinapita juu ya sahani zilizokwisha kupangwa, na matone ya samaki mbichi yanadondoka juu ya chakula kilichoiva. Geuza wote: samaki kulia, unga, kikaango, sahani kushoto. Kanuni iliyo ndani ya barua, kwamba samaki asirudi nyuma, inabaki pale pale.

Na kama steshini mnapeana zamu, mwenzako wa kulia akikuta umegeuza atachota chumvi akidhani ni sukari. Mwambieni kwa mdomo mkikabidhiana.

Zena_wa_Grili (#20)
Swali la haraka: sisi tunamchovya samaki kwenye maziwa kabla ya unga. Je, na hiyo ingoje oda?

SufuriaNzito (#21)
Ingoje. Maziwa yanashika unga mwingi zaidi, kwa hiyo ngozi inakuwa nene na inapata rangi haraka, maana maziwa yana sukari yake. Tatizo linakuja ukikaanga kwa moto ule ule wa samaki mkavu: nje kahawia, ndani bado. Punguza moto kidogo. Wengine wanapenda hivyo, wengine wanasema ladha ya samaki inafunikwa. Mimi situmii maziwa kwa minofu myembamba.

Kikaango28 (#22)
Komi, nikuoneshe jinsi barua inavyofanya kazi oda zikiingia. Tuseme saa 1:30 usiku zinaingia sahani sita za samaki kwa mpigo. Kikaango cha sentimita 28 kinabeba vipande viwili bila kubanana. Ukitia vitatu joto linashuka, samaki wanatoa maji, wanachemka badala ya kukaangika. Utajua kwa sauti: mlio mkali unageuka kuwa mchemko mzito. Kwa hiyo unahitaji vikaango vitatu motoni tayari.

Toa vipande sita friji, futa tena, tia chumvi, pitisha kwenye unga, kung'uta. Hapo ndipo unga unapoingia, sekunde chache kabla ya moto. Siagi safi gramu 20 kwa kila kipande, yaani 40 kwa kikaango. Dakika mbili mpaka tatu upande wa kwanza, geuza mara moja, upande wa pili pungufu kidogo. Samaki kwenye sahani. Sasa mwaga ile siagi ya kukaangia na ufute kikaango kwa karatasi, usiiache, imeshabeba unga ulioungua. Tupia vipande vya gramu 30, kimoja kwa kila sahani. Itatoa povu, povu litatulia, na ukinusa njugu, limau juu ya samaki, paseli, siagi. Kutoka njugu hadi kuungua ni sekunde kumi hivi. Kama wakati huo unatafuta kijiko au unafungua paketi ya siagi, umeshachelewa na unaanza upya.

Ndiyo maana alikutaka ukate vipande 35 kwa sahani 30. Vitano ni vya makosa ya sekunde hizo kumi.

Mzee_wa_Sosi (#23)
Maelezo safi. Nami niongeze cha baada ya sevisi, barua haikukigusa. Unga uliopitishia samaki mbichi unatupwa, hata kama umebaki nusu trei. Wapo wanaouchekecha na kuurudisha kwenye ndoo, wanaharibu ndoo nzima. Siagi safi iliyokaa pembeni ya jiko bila kuguswa na kijiko cha samaki inarudi friji na karatasi ya tarehe. Maharagwe yaliyobaki baridi yanaenda mlo wa wafanyakazi.

Na kama umechemsha supu ya mifupa kwa sosi ya kesho, usiiache jikoni ipoe yenyewe. Ufaransa sheria inataka chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 63, na kinachopozwa kivuke kutoka 63 hadi chini ya 10 ndani ya saa mbili. Sufuria kubwa iliyojaa haiwezi hilo. Igawe kwenye trei za kina kifupi, uziweke juu ya barafu.

Komi_Mpya (#24)
Asanteni wote. Leo nimeanza na siagi gramu 800 na nimepata 610. Minofu imekaa kavu, unga kwenye trei yake. Mpishi mkuu alipopita saa 10 nilimtajia kimoja kimoja kimesimama wapi. Alinirudisha kwenye kitu kimoja tu: limau. Nilikuwa nimelikamua saa 6 mchana, akalionja, akamwaga.

Paseli nimeigawa mafungu mawili bila kumwambia. Fungu la pili nimeliacha na unyevu.

Paseli_Mbichi (#25)
Mwambie kabla hajaliona. Halafu urudi hapa utuambie povu lilidumu muda gani.